Uzi: Nywele zimerudi laini na zenye mikunjo baada ya kemo, na mikono yangu inajua kipilipili tu

KipilipiliWaZamani

Habari zenu wanajukwaa. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu nikifupisha nitapata majibu ya swali ambalo sikuliuliza.

Nilitibiwa saratani ya titi kwa kemo, dozi 6 zilizopishana kwa wiki 3. Nywele zilianza kung'oka siku ya 17 baada ya dozi ya kwanza, na kufikia mwisho wa wiki hiyo nilikuwa nimezimaliza kwa mashine ili nisiendelee kuziokota kwenye mto. Kabla ya hapo nilikuwa na nywele ngumu za kipilipili, nzito, ambazo nilizisuka mwenyewe tangu nikiwa msichana na ambazo mikono yangu ilizijua hata gizani.

Wiki ya 5 baada ya dozi ya mwisho kichwa kilifunikwa na nywele za malaika, za kijivu, kama za mtoto mchanga. Mwezi wa 3 zikaanza kuota nyeusi, nami nikangojea kipilipili changu. Hakikuja. Sasa nimetimiza mwezi wa 7. Nikiuvuta unywele mmoja unafika sentimita 6, nikiuachia unajikunja mithili ya pete na kubaki kama sentimita 3. Ni laini kiasi kwamba binti yangu anapenda kuzichezea anapotazama televisheni.

Shida ni kwamba sijui kuzitengeneza. Nimepaka mafuta mazito niliyoyazoea, zikalala kichwani kama zimenyeshewa. Nimezichana kwa chanuo zikiwa kavu, zikafumuka zikawa pamba. Nimejaribu kusuka mistari, na baada ya siku mbili misuko ikateleza yenyewe huku pembeni mwa paji la uso pameota vipele na panauma. Mambo mawili yanaongeza ugumu: mkono wangu wa kushoto, upande nilikotolewa tezi za kwapani, unakuwa mzito nikiuinua muda mrefu, na ncha za vidole vyangu zina ganzi iliyoachwa na dawa.

Siombi namna ya kuzinyoosha. Nataka kujua mtu mwenye nywele za namna hii huamka asubuhi akafanya nini hasa.

KijanaWaSinga

Dada, hongera kwa kupona. Mimi nimekuwa nikitafuta dawa ya kukunja nywele isiyochoma ngozi, na maelezo yako yanaonyesha mikunjo imekaa vizuri. Je, hiyo kemo inawekwa kichwani kwa dakika ngapi, nayo inadumu muda gani kabla ya kurudia?

KipilipiliWaZamani

Mdogo wangu, kemo niliyoisema ni dawa ya saratani, huingizwa kwenye mshipa. Si ya saluni. Usiitafute.

KijanaWaSinga

Naomba radhi sana, dada. Nilisoma kwa haraka.

MamaMapacha

Pole na hongera. Mimi nilipitia njia hiyohiyo, nami naweza kukuambia kwamba nywele hizo ni za muda tu, kwa sababu dawa bado imo ndani ya nywele. Ukizinyoa zote sasa, dawa itaondoka nazo, na zitakazoota zitakuwa zile zako za zamani, tena nene zaidi. Mimi nilinyoa mwezi wa 8 na zikarudi ngumu kama kawaida. Pia meza vidonge vya bayotini, vinaharakisha.

ZamuYaUsiku

Nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya saratani kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba nimjibu MamaMapacha kwa heshima, maana nusu ya aliyoyasema ni kweli.

Ni kweli kwamba kwa wengi mikunjo hii hupungua kadiri miezi inavyokwenda, ingawa kwa baadhi hubaki. Lakini unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai, na kuunyoa hakubadilishi chochote kule chini unakotengenezwa. Chini ya ngozi, kila unywele una kijitundu chake, na kitakoni mwa kijitundu hicho kuna seli zinazogawanyika kwa kasi kubwa kuliko karibu zote za mwili. Kemo hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi bila kubagua, ndiyo maana nywele huondoka. Seli hizo zinapoanza kazi upya, zinaweza kuujenga unywele kwa umbo tofauti, upande mmoja ukikua kuliko mwingine, na unywele wa namna hiyo hujikunja. Kwa nini mmoja hupata mikunjo na mwingine hapati, ilhali walipewa dawa ileile, hakuna aliyewahi kunipa jibu la kuniridhisha.

Kwa hiyo, mama, nywele zako zilirudi ngumu kwa sababu wakati wake ulikuwa umefika, na pengine zingerudi hivyo hata bila wembe. Unene ulioonekana ni ule wa ncha iliyokatwa butu.

Kuhusu bayotini: humsaidia yule ambaye mwili wake una upungufu wake, na upungufu huo si wa kawaida. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba dozi kubwa za bayotini huweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi la shingo na vya moyo, matokeo yakasomeka visivyo. Mtu ambaye bado anafuatiliwa na daktari asimeze bila kumwambia.

MamaMapacha

Nakubali kuhusu wembe, ingawa niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Kuhusu vipimo sikuwahi kuambiwa.

MsusiMstaafu

Nimeshika vichwa vya watu kwa zaidi ya miaka 30, na wanawake waliotoka kwenye matibabu kama yako nimewahudumia wengi. Swali lako ni zuri kwa sababu umetaja ulichofanya na kilichotokea, nami nitaanzia hapohapo.

Kipilipili kinapenda mafuta na kinashika msuko kwa sababu unywele mmoja unamng'ang'ania mwenzake. Nywele ulizo nazo sasa ni nyembamba na zinateleza, kwa hiyo mambo mawili uliyokuwa unayategemea, yaani uzito wa mafuta na kushikana kwa nywele, yamegeuka kuwa adui. Mafuta yanazilaza. Msuko hauna cha kushikilia, kwa hiyo msusi hukaza zaidi, na mkazo wote unaishia kwenye mzizi. Vipele vya pembeni mwa paji ndivyo dalili yake. Misuko ya kukaza iache kabisa kwa sasa, maana pembeni hapo nywele zikivutwa mara kwa mara huweza kutorudi tena, na hilo halina uhusiano wowote na kemo.

Sasa weka chanuo kando na ushike maji. Mikunjo ya namna yako hupangwa nywele zikiwa zimelowa chapa, halafu huachwa ikauke bila kuguswa. Hiyo ndiyo kazi yote, na watu wengi hushindwa kwenye sehemu ya kutokugusa.

Osha mara moja kwa wiki kwa shampuu laini. Paka kondishena, na kabla ya kuisuuza pitisha kitana chenye meno mapana, ukianzia kwenye ncha na kupanda kuelekea mzizi. Huo ndio wakati pekee wa wiki ambapo kitana kinaruhusiwa. Suuza, na usifute kwa taulo. Bonyeza tu kwa fulana kuukuu ya pamba, maana vitanzi vya taulo hunasa nywele nyembamba na kuzifumua. Nywele zikiwa bado zinadondosha maji, chukua krimu nyepesi ya kuacha kichwani, kiasi cha ukucha wa kidole gumba tu, sugua viganjani na upake. Kisha jeli, kama mara mbili ya hiyo. Inamisha kichwa, kusanya nywele kiganjani kutoka kwenye ncha, uziminye kuelekea kichwani, uziachie. Zunguka kichwa chote hivyo, halafu ondoa mikono.

Zikikauka zitakuwa zimekakamaa kwa lile ganda la jeli. Watu wengi wakifika hapo hukata tamaa na kwenda kuosha. Usioshe. Paka tone moja au mawili ya mafuta mepesi viganjani, minya tena kama mwanzo, ganda litavunjika na nywele zitalainika huku mikunjo ikibaki.

KipilipiliWaZamani

Ahsante sana. Nimefuata maelezo yako leo, na naandika nikiwa mbele ya kioo. Nimepata mambo matatu.

La kwanza, nyuma na utosini mikunjo imekaa vizuri ajabu, sikutarajia. La pili, kwenye paji la uso nywele zimesimama kama pembe, hazikukubali kabisa. La tatu, zilipokauka zilijaa vichembe vyeupe, nikafikiri nina mba.

Na kuhusu mkono, sikuweza kuumaliza mzunguko. Nilipumzika mara nne, na nilipofika upande wa kushoto nywele zilikwisha kuanza kukauka.

MsusiMstaafu

Vichembe hivyo si mba. Krimu na jeli yako hazipatani. Wakati mwingine fanya hivi kabla ya kupaka: weka tone la krimu na tone la jeli kiganjani, uyasugue pamoja. Yakichanganyika yakawa laini, endelea. Yakikatika kama maziwa yaliyoganda, badilisha kimoja. Ukitaka kujitofautishia, mba hutoka kwenye ngozi na ukiikuna unaiona kwenye ukucha, bali hivi vyako vinatoka kwenye nywele zenyewe na huyeyuka ukivitia maji.

Paji la uso lina nywele fupi kuliko kwingine na mzizi wake umeelekea mbele. Hizo zinahitaji kidole. Chukua kifungu chembamba kama kalamu, kikiwa kimelowa na kina jeli, kizungushe kwenye kidole cha shahada kuanzia mzizini hadi nchani, kisha chomoa kidole polepole. Vifungu 5 au 6 vya mbele vinatosha. Usifanye kichwa kizima, utachoka bure.

ZamuYaUsiku

Nami niongeze kuhusu mkono, kwa sababu mtu aliyetolewa tezi za kwapani akiulazimisha mkono kuning'inia juu kwa muda mrefu huweza kuuchokoza, na ukianza kuvimba ni kazi kuurudisha.

Kaa kwenye kiti mbele ya meza yenye kioo, kiwiko cha kushoto ukikiegemeza mezani juu ya mito miwili, halafu ulete kichwa kwenye mkono badala ya kupeleka mkono kichwani. Anza na upande wa kushoto wakati bado una nguvu. Gawanya kichwa mara nne, na uwe na chupa ya kunyunyizia maji ili kila robo uilowanishe unapoifikia; hivyo kukauka hakutakuharakisha. Mkono ukianza kuwa mzito au pete ikianza kubana, simama siku hiyo. Uvimbe ukibaki hadi kesho yake, au ngozi ikawa nyekundu na ya moto, usingoje, mwone daktari.

Kuhusu ganzi ya vidole, nina onyo moja tu: draya. Mtu mwenye ganzi hupima joto kwa vidole, asisikie kitu, akaunguza ngozi ya kichwa ambayo bado ni changa. Pima joto kwenye ngozi ya ndani ya mkono wa kulia, karibu na kiwiko, na utumie hewa ya baridi au ya uvuguvugu tu. Ule mkono wa kushoto usiupimie joto.

BabaWawili

Ndugu zangu, samahani kwa kuingilia. Mke wangu yuko dozi ya 3, na kichwa chake hakina kitu. Je, apake nini sasa hivi ili nazo ziote zenye mikunjo? Angependa sana.

ZamuYaUsiku

Ndugu, hakuna cha kupaka kitakachoamua umbo la nywele zitakazokuja. Kwa sasa ngozi ya kichwa chake inahitaji mafuta mepesi yasiyo na manukato, kofia laini wakati wa baridi, na kinga ya jua anapotoka nje, kwa maana ngozi iliyozoea kufunikwa na nywele huungua upesi. Katika wiki 3 hadi 6 baada ya dozi ya mwisho wengi huanza kuona malaika. Umbo mtalijua zikifika kama sentimita 2.

MwenyeKilemba

Nimesoma uzi huu tangu mwanzo, na nimesita kuandika. Kwangu ni mwezi wa 11 na nywele za utosini hazijarudi, ni malaika tu, ingawa pembeni zimeota. Kemo niliyopewa ni dosetaseli. Kila mtu ananiambia nivute subira. Najua hapa mnazungumzia mikunjo, lakini ningependa kujua kama subira ina mwisho.

ZamuYaUsiku

Dada, ahsante kwa kuandika. Ina mwisho. Ikipita miezi 6 tangu dozi ya mwisho na nywele hazijajaa, hilo ni jambo la kumweleza daktari wa saratani na kuomba kuonana na daktari wa ngozi. Baadhi ya watu waliopewa dosetaseli hubaki na nywele chache kwa kudumu, na jambo hilo linajulikana, hukulibuni wewe. Zipo pia sababu nyingine zinazotafutwa kwa kipimo cha damu, kama upungufu wa madini ya chuma au tezi la shingo kutofanya kazi sawasawa. Na kama unameza vidonge vya homoni baada ya matibabu, navyo huweza kupunguza nywele. Lakini usiviache kwa sababu hiyo kabla ya kuzungumza na daktari.

MwenyeKilemba

Vidonge nameza. Hakuna aliyeniuliza kuhusu madini ya chuma. Nitakwenda.

KipilipiliWaZamani

Nimerudi baada ya wiki 6, na nadhani nimepata mkono.

Nilibadilisha krimu, vichembe vikaisha. Meza na mito vimenisaidia kuliko jambo lolote, kwa sababu sasa kazi yote inachukua dakika 25 na mkono hauumi. Nimegundua kwamba kwa ganzi yangu siwezi kujua kwa kugusa kama kifungu kimelowa vya kutosha, kwa hiyo ninasikiliza: nikiminya nywele na kusikia maji yakilia kiganjani, zimelowa, nikikosa kusikia, naongeza maji. Nywele za mbele ninazizungusha vifungu 6, na sasa zinaanguka kwenye paji badala ya kusimama.

Asubuhi siku ya pili sioshi. Nanyunyizia maji kidogo, naminya, basi. Usiku ninavaa kofia ya satini, kwa sababu nilipolala bila kofia upande mmoja uliamka umelala bapa na ule mwingine umefumuka, nikaonekana kama nilipigana na mto. Hudumu hivyo siku 3, ya 4 hazitaki tena.

Lililobaki ni umbo. Nyuma ya shingo zimekua upesi kuliko juu ya masikio, na kwa pembeni naonekana kama nimebandikwa mkia.

MsusiMstaafu

Hapo mkasi, tena wa kisogoni tu. Mwambie atakayekukata azikate zikiwa kavu na zikiwa zimejikunja, kwa sababu akizilowanisha na kuzivuta atakosea urefu, na zikirudi kujikunja utakuwa na ngazi. Kisogo kipunguzwe kila baada ya wiki 6 hivi, juu kuachwe. Baada ya miezi michache juu kutakuwa kumekifikia kisogo.

MamaMapacha

Na rangi je? Mimi zilirudi zikiwa na mvi nyingi, nikapaka rangi nyeusi mwezi wa 4 na ngozi ikawaka moto.

ZamuYaUsiku

Mwezi wa 4 ni mapema mno, mama. Rangi na dawa za kunyoosha ni vyema zisubiri angalau miezi 6 baada ya dozi ya mwisho, na hata hapo daktari aulizwe kwanza. Kisha jaribio la ngozi lifanyike: tone nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa mkono usiotolewa tezi, uache saa 48. Hata kama uliitumia rangi hiyohiyo kwa miaka bila shida, fanya jaribio, kwa maana ngozi yako ya leo siyo ile ya zamani. Mvi nazo hupungua kwa baadhi ya watu, kwa hiyo usizihesabu mapema.

KipilipiliWaZamani

Leo ni mwezi wa 13, na nina jambo jipya ambalo silielewi. Mwezi mmoja uliopita nilianza kuona nywele fupi zikidondoka kwenye sinki, sentimita 5 au 6, nikaogopa sana. Nilifikiri zinaondoka upya, na siku mbili sikulala. Nywele zangu sasa zina sentimita 11 nikizivuta.

MsusiMstaafu

Kabla ya kuogopa, chukua unywele mmoja uliodondoka, uuweke juu ya karatasi nyeusi, utazame ncha zake zote mbili. Je, mmoja wa ncha hizo una kidoti cheupe kama kichwa cha pini?

KipilipiliWaZamani

Nimetazama 10. Wenye kidoti ni 2 tu, na hao 2 ni warefu. Wale wafupi hawana.

MsusiMstaafu

Basi hizo 8 hazikung'oka, zimekatika. Unywele uliong'oka kwa wakati wake huja na kidoti kile, nao hao 2 ni sehemu ya nywele 50 hadi 100 ambazo kila mtu hupoteza kwa siku. Sasa fanya jambo jingine. Shika unywele mmoja ulio kichwani juu ya sikio, uuvute kidogo mbele ya kioo, uniambie kama mkunjo ni uleule kutoka mzizini hadi nchani.

KipilipiliWaZamani

Si uleule. Sentimita 3 za karibu na ngozi zina vikunjo vidogo sana vya kubana, kisha ghafla vinapanuka na kuwa zile pete za siku zote. Ni kama nywele mbili zimeungwa. Utosini bado ni pete tu hadi mzizini.

MsusiMstaafu

Basi kipilipili chako kimeanza kurudi juu ya masikio. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo zile sentimita 3 zinakuambia kwamba mabadiliko yalianza miezi 3 iliyopita, nawe hukuona kwa sababu yalikuwa mafupi mno.

Pale panapoungana pana udhaifu. Ukipitisha kitana, upande wa chini unanyumbuka na wa juu unashikilia, na kinachosalimu amri ni kiungo. Zipime nywele zako zilizokatika: sentimita 11 ukitoa 3 zinabaki 8, na zako zina 5 au 6 kwa kuwa zilizo pembeni ni fupi kuliko za utosini. Hesabu inakubali.

Kwa hiyo juu ya masikio usitumie tena kitana, hata ukiwa na kondishena. Tenganisha kwa vidole, na kwa kuwa vidole vyako vina ganzi, fanya mbele ya kioo na uvitazame. Paka krimu nzito kidogo sentimita 3 za mzizini, maana hizo zimerudi kupenda mafuta, na uache jeli kwenye ncha. Utakuwa na matunzo mawili kichwani kimoja kwa muda.

MamaMapacha

Niliwaambia kwamba zinarudi. Nyoa uanze upya, dada, uondoe kiungo.

MsusiMstaafu

Mama, safari hii nusu yako ni kubwa. Kukata kungeondoa kiungo kweli, lakini si lazima kunyoa. Anaweza kupunguza pembeni tu hadi sentimita 3 na kuacha utosi wenye pete. Tatizo ni kwamba hatujui kama utosi utafuata. Nimeona kichwa kilichobaki na mikunjo laini utosini kwa miaka, pembeni kukiwa kipilipili kitupu.

MwenyeKilemba

Naomba nirudishe habari. Madini ya chuma yalikutwa yako chini, nimeanzishiwa dawa. Daktari wa ngozi ameniambia haahidi kitu kuhusu utosi, na tutapima tena baada ya miezi 3. KipilipiliWaZamani, usinyoe bado, uzi wako ndio ninaoutumia kujua nitegemee nini.

KipilipiliWaZamani

Nimefurahi kusikia kuhusu dawa, dada.

Nimeamua nipunguze pembeni na kuacha utosi. Nimefunga uzi mwekundu kwenye kifungu kimoja cha nywele utosini, mahali palipogusana na ngozi leo, ili nijue kitakachoota chini yake. Pete za mbele bado ninazizungusha vifungu 6 kila Jumamosi, na binti yangu ameshajifunza, anaufanya upande wa kushoto ili mkono upumzike. Yeye hukaza kupita kiasi.

MsusiMstaafu

Uzi huo usiukaze. Ufunge kwa fundo legevu, na uutoe kabla ya kuosha, la sivyo utakuwa wewe mwenyewe umetengeneza kiungo kingine. Weka alama kwa kupima na rula badala yake.

KipilipiliWaZamani

Nimeutoa. Rula inasema sentimita 11 na nusu utosini, pete tupu. Nitapima tena tarehe kama ya leo mwezi ujao.